Presha inapanda, potasiamu inashuka: figo na tezi ya adrenali zinavyogombana ndani ya mwili wa mtu mmoja

Hapa Kigoma ukimwambia mtu mwenye presha apunguze chumvi atakujibu najua, chumvi inavuta maji, maji yakijaa kwenye mishipa presha inapanda. Ni kweli kabisa ila imeishia njiani, kwa sababu haikwambii kwa nini kuna mtu mwingine presha yake inagoma kushuka hata kwa dawa mbili afu juu ya hapo miguu inaishiwa nguvu mpaka kubeba ndoo ya maji inakuwa kazi, na ukimpima damu sodiamu yake iko vizuri tu ila potasiamu imeanguka. Mimi nipo upande wa maabara na watu wa aina hii nawaona, na kinachoniuma ni kwamba wengine wanazunguka miaka mingi wakiambiwa hawamezi dawa au wanakula chumvi kwa siri, wakati tatizo lipo kwenye kitezi kidogo kilichokaa juu ya figo. Ngoja nieleze taratibu.

Tuanzie kwenye figo. Figo zako mbili zinachuja kama lita 180 za maji ya damu kwa siku, yaani maji yale yale yanapita na kurudi mara nyingi, na ukichukua sodiamu yote iliyomo humo ukaigeuza kuwa chumvi ya mezani unapata kama kilo moja na nusu. Kwa siku moja tu! Wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku. Kwa hiyo kazi kubwa ya figo ni kurudisha, karibu yote iliyochujwa inarudi kwenye damu, na sehemu kubwa inarudi mapema mwanzoni mwa mirija ya figo bila kuuliza mtu. Inabaki kipande kidogo mwishoni, asilimia mbili au tatu hivi, na hicho ndo kinachopigiwa hesabu kila saa, kiachwe kitoke na mkojo au kirudi. Unaweza ukaona asilimia mbili ni kitu gani, lakini asilimia mbili ya kilo moja na nusu ni gramu 30 za chumvi, ambazo ni nyingi kuliko mtu anavyokula kwa siku nzima, kwa hiyo anayekishika hicho kipande cha mwisho ndiye anayeshika kiasi cha maji mwilini na presha inafuata hapo hapo.

Anayekishika ni homoni inaitwa aldosteroni. Inatengenezwa na tezi za adrenali, vitezi viwili ambavyo kimoja kimekaa juu ya figo ya kulia na kingine juu ya figo ya kushoto, na inatoka kwenye tabaka la nje kabisa la tezi. Tabaka za chini yake zinatengeneza vitu vingine kama kotisoli, na katikati kabisa kuna adrenalini, hizo leo tuziache.

Sasa tezi inajuaje kwamba chumvi ipungue au iongezeke? Haijui yenyewe, inaambiwa na figo. Kwenye kila kichujio cha figo, pale mshipa mdogo unapoingiza damu, kuna seli ambazo zinasikilizia msukumo wa damu. Damu ikipungua, labda mtu ameharisha sana au ametoka damu nyingi wakati wa kujifungua, msukumo unashuka na hizo seli zinamwaga kimeng'enya kinaitwa renini. Kinachofurahisha ni kwamba mrija wa mkojo wa kichujio hicho hicho unapinda na kurudi kugusa pale pale, na seli zake zinaonja chumvi iliyofika, ikiwa kidogo nazo zinasema mwaga renini. Na mishipa ya fahamu inaweza kuagiza pia, ndo maana dawa kama atenololi na propranololi zinapunguza renini, hilo lishike kwa sababu litatusumbua mbele.

Renini iligunduliwa mwaka 1898 kule Stockholm na Tigerstedt na Bergman, walichukua maji ya figo za sungura wakamchoma nayo sungura mwingine na presha yake ikapanda. Walijua figo ina kitu ila hawakujua kinafanyaje. Leo tunajua renini yenyewe haipandishi presha hata kidogo, kazi yake ni kukata. Ini linamwaga kwenye damu protini ndefu inaitwa anjiotensinojeni ambayo inaelea tu bila kazi, renini ikiikuta inakata kipande cha asidi amino 10, hicho ni anjiotensini ya kwanza na nacho hakina nguvu. Kikipita kwenye mapafu kinakutana na kimeng'enya kingine kilichobandikwa kwenye kuta za mishipa, kinakatwa asidi amino mbili zinabaki 8, na hapo ndo unapata anjiotensini ya pili ambayo ina nguvu za kutisha. Inakaza mishipa ya damu, inaleta kiu, na inaenda mpaka kwenye tezi ya adrenali kuiambia toa aldosteroni. Wale wanaomeza kaptopril au lisinopril, dawa yenu inazuia huyo mkataji wa pili, na kwa kuwa mkataji huyo huyo ana kazi ya kuvunja kitu kingine kinachowasha koo, kikiachwa bila kuvunjwa baadhi yenu mnapata kile kikohozi kikavu kisichoisha. Losartani inakuja baada ya hapo, inamwacha mkataji afanye kazi yake ila inaziba masikio ya anayepokea amri, ndo maana kikohozi ni nadra.

Haya, aldosteroni imetoka, imefika kwenye figo, inafanya nini. Inaingia ndani ya seli za mwisho wa mrija na kuamuru jeni, kwa hiyo sio kitu cha papo hapo, inachukua kama saa moja mpaka uanze kuona matokeo. Amri ina sehemu mbili. Upande unaogusana na mkojo inaongezwa milango ya sodiamu, na upande unaogusana na damu zinaongezwa pampu ambazo zinatoa sodiamu 3 kutoka kwenye seli kwenda kwenye damu na kuingiza potasiamu 2. Sodiamu ina chaji chanya, ikitoka kwenye mkojo na kuingia kwenye seli inaacha mkojo ukiwa na chaji hasi, na potasiamu ambayo nayo ni chanya inavutwa nje kwenda kwenye mkojo kupitia mlango wake. Kwa hiyo sodiamu inarudi na potasiamu inatoka. Ni kitendo kimoja hicho, ndo maana huwezi kuongelea presha ya aldosteroni bila kuongelea potasiamu.

Potasiamu yenyewe ina ubishi wake. Mtu wa kilo 70 ana kama milimoli 3,500 mwilini lakini asilimia 98 imejificha ndani ya seli, kwenye misuli hasa, na ile inayoelea kwenye damu ni ndogo mno, kipimo cha kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0 kwa kila lita. Hiyo tofauti kati ya ndani na nje ya seli ndo inayofanya misuli ijikunje na moyo upige kwa mpangilio. Ikishuka chini ya 3 misuli inaanza kulegea na kubana bana, choo kinakuwa kigumu, ikishuka zaidi moyo unaweza kuruka mapigo na mtu akafa ghafla. Ikipanda juu ya 6 nayo ni hatari hiyo hiyo kwa moyo. Ndo maana tezi ya adrenali haisubiri renini peke yake, potasiamu ikipanda kwenye damu inaigusa tezi moja kwa moja na aldosteroni inatoka kwenda kuitoa.

Hapa sasa mtu makini anauliza swali zuri sana. Kama homoni ni moja na inarudisha sodiamu huku ikitoa potasiamu, mbona mtu aliyeharisha na kuishiwa chumvi anatoa aldosteroni nyingi kweli kweli lakini figo hazimwagi potasiamu yake yote kwenye mkojo? Na mwenye potasiamu nyingi baada ya kula ndizi na parachichi, mbona anaitoa bila kujaa chumvi mwilini? Jibu lake ndo ufunguo wa makala yote. Ili potasiamu itoke kwa wingi vinahitajika vitu viwili kwa pamoja, aldosteroni iwepo na sodiamu ya kutosha ifike mpaka mwisho wa mrija. Fikiria boti pale Kibirizi, hata boti ziwe nyingi namna gani kama abiria hawajafika ufukweni hakuna safari. Aliyeharisha ana milango mingi lakini sodiamu yake karibu yote imeshanyonywa huko juu ya mrija kwa amri ya anjiotensini ya pili, inayofika mwisho ni kidogo, basi hata potasiamu inayotoka ni kidogo. Aliyekula chumvi nyingi na mwili wake ni mzima ni kinyume, sodiamu inayofika mwisho ni nyingi lakini renini imezimwa, aldosteroni imeshuka, milango imepungua, na potasiamu inabaki salama. Vitu hivi viwili kwa mtu mzima vinapishana kila siku, kimoja kikipanda kingine kinashuka, na hapo ndipo usalama wa potasiamu ulipo.

Ugonjwa ninaoutaka leo ni pale vinapopanda vyote kwa pamoja.

Nitumie kisa kimoja, nimebadilisha jina na mambo madogo madogo ili mtu asijulikane. Tumwite Baba Shukuru, umri 42, anafanya biashara ya dagaa, ananunua mwaloni na kusafirisha kwa treni kwenda Tabora na mbele ya hapo. Presha aligundua alipokwenda kupima kwa ajili ya mambo mengine, ilikuwa 172 kwa 106. Akaanzishiwa amlodipini miligramu 10. Baada ya miezi miwili bado 164 kwa 102. Akapimwa damu kwenye kituo kimoja, figo nzuri, sodiamu 143, potasiamu 3.8, akaambiwa yuko sawa. Akaongezewa haidroklorothiazaidi miligramu 25, ile dawa ya kukojoza ambayo wengi wenye presha wanaijua.

Wiki tatu baadae ndo mambo yakaharibika. Magunia ya dagaa sio mazito lakini alishindwa kuinua, mapaja yanatetemeka, akikaa chini kwenye mkeka anajishika ukuta kuinuka, usiku anaamka kukojoa mara nne mara tano na mkojo ni mwingi mweupe kama maji. Mama Shukuru akadhani ni sukari, na ni dhana nzuri tu, lakini sukari ikapimwa ikawa kawaida. Damu ikarudiwa safari hii kwetu, potasiamu 2.5.

Ngoja kwanza tuangalie ile 3.8 ya mwanzo kwa sababu ni kitu ninachokiona sana na watu hawakisemi. Damu ilichukuliwa asubuhi, mpira ukafungwa mkononi kwa nguvu, akaambiwa akunje na kukunjua ngumi mara nyingi ili mshipa uonekane. Misuli ikifanya hivyo inamwaga potasiamu kwenye damu ya huo mkono. Halafu sampuli ikawekwa kwenye friji bila kutenganishwa ikisubiri gari la kuipeleka kwenye mashine, ikakaa mpaka jioni. Seli za damu zina pampu zile zile nilizozisema, zinazotoa sodiamu na kuingiza potasiamu, na pampu inahitaji joto na nishati kufanya kazi, kwenye baridi ya friji inalala na potasiamu iliyoko ndani ya seli inavuja pole pole kuja nje. Kwa hiyo ile 3.8 ilikuwa ni potasiamu ya mgonjwa ukijumlisha na iliyotoka kwenye misuli na iliyovuja kwenye chupa. Inawezekana kabisa ya kweli ilikuwa 3.2 au chini ya hapo tangu mwanzo. Damu ya kupima potasiamu ichukuliwe bila kukunja ngumi, mpira ulegezwe mapema, izungushwe kwenye mashine na maji ya damu yatenganishwe na seli ndani ya muda mfupi, na isilazwe kwenye friji ikiwa nzima. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu kituo kikiwa mbali kule Uvinza au Kakonko namba inaonekana nzuri na mgonjwa anarudi nyumbani na hatari yake.

Turudi kwenye dawa ya kukojoza. Hiyo haidroklorothiazaidi inaziba njia moja ya kunyonya sodiamu ambayo iko kabla tu ya eneo la aldosteroni. Ukiziba hapo sodiamu nyingi inaporomoka kwenda mbele, inafika mwisho wa mrija. Kwa mtu wa kawaida potasiamu inashuka kidogo, labda kutoka 4.2 mpaka 3.7. Kwa Baba Shukuru kule mwisho milango ilikuwa imeshajaa, imefunguliwa na tezi ambayo haimsikilizi mtu, sodiamu ilipofika kwa wingi ikaingia yote iliyoweza na potasiamu ikatoka nje kwa kasi. Dawa haikuleta ugonjwa, imeufunua. Na chakula kilisaidia kuufunua, yeye anakula ugali wa muhogo na dagaa waliokaushwa na chumvi afu anaongeza chumvi mezani, chumvi ya Uvinza ile ile, kwa hiyo kila siku sodiamu ilikuwa inaletwa kwenye milango iliyo wazi.

Kulegea kwa misuli tumeshaelewa, na mkojo wa usiku nao una sababu yake, potasiamu ikikaa chini muda mrefu figo zinakuwa bubu kwa ile homoni inayobana mkojo, basi maji yanatoka tu. Kitu kinachowachanganya hata wataalamu ni hiki, kama aldosteroni inarudisha sodiamu mfululizo kwa nini mtu havimbi miguu na kwa nini sodiamu yake ni 143 na sio 160? Kwanza sodiamu ikirudi maji yanairudia, kwa hiyo kinachoongezeka ni ujazo, mchanganyiko unabaki karibu ule ule. Pili mwili una njia ya kujitetea, mtu akishaongezeka kama kilo moja mbili za maji moyo unavutika na kutoa homoni yake ya kukojoza, na presha yenyewe iliyopanda inasukuma sodiamu itoke kwenye sehemu nyingine za figo. Ongezeko linasimama hapo. Lakini linasimama kwa gharama ya presha iliyopanda, na potasiamu haina njia ya kujitetea kama hiyo, inaendelea kupotea. Ndo picha yake ilivyo: presha juu, miguu haijavimba, sodiamu ya kawaida au juu kidogo tu, potasiamu chini.

Je tunajuaje inapotelea kwenye mkojo na sio tumboni? Mtu aliyeharisha na kushuka potasiamu figo zake zinabana, mkojo wa saa 24 unakuwa na potasiamu chache. Baba Shukuru alikusanya mkojo wake kwenye dumu siku nzima, dawa ya kukojoza ikiwa imeshasimamishwa, ukapatikana milimoli 61. Potasiamu iko 2.7 kwenye damu na figo bado inamwaga 61, wakati ingetakiwa iwe chini ya 30 na bora hata 20. Hapo mtuhumiwa anabaki mmoja, aldosteroni.

Kipimo kinachofuata ni kupima renini na aldosteroni kwa pamoja kwenye damu moja, na watu wengi hukosea hapa kwa kuangalia namba moja peke yake. Aldosteroni iliyo juu peke yake haina maana, aliyeharisha nayo iko juu na ni halali yake. Unatafuta kama amri na utekelezaji vinalingana. Kwa mwenye mshipa wa figo uliobanwa renini iko juu na aldosteroni juu, figo inalalamika na tezi inatii. Kwa mwenye tezi iliyojitawala aldosteroni iko juu au hata ya katikati lakini renini imezimika kabisa, kwa sababu figo inaona maji yamejaa na imeshanyamaza siku nyingi, na tezi inaendelea tu. Jerome Conn wa chuo kikuu cha Michigan ndiye aliyeueleza ugonjwa huu, mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwanamke wa miaka 34 mwenye presha na misuli iliyolegea, akafanyiwa upasuaji Desemba 1954 wakakuta uvimbe kwenye tezi, ukatolewa.

Kabla ya kuchukua hiyo damu kuna maandalizi, na usipoyafanya unapoteza hela za mtu. Potasiamu lazima irudishwe kwanza maana nimesema inaigusa tezi moja kwa moja, ikiwa 2.5 hata tezi yenye uvimbe inapunguza aldosteroni na kipimo kinaweza kudanganya kwamba hakuna kitu. Baba Shukuru akapewa vidonge vya potasiamu kwa wiki kadhaa mpaka akafika 3.9. Hakukatazwa chumvi kwa muda huo, kwa sababu ukimnyima chumvi renini inaamka na picha inaharibika. Wenye atenololi wanakuwa na renini ya chini kwa sababu ya dawa tu na wanaonekana wagonjwa wakati sio, na waliokuwa wanameza spironolaktoni mara nyingi wanasimamishwa wiki nne, yote chini ya daktari anayefuatilia presha na sio kujiamulia nyumbani. Amlodipini haiharibu sana, aliendelea nayo.

Sampuli ikasafirishwa Dar es Salaam. Majibu, aldosteroni nanogramu 29 kwa desilita, nguvu ya renini 0.4. Unagawanya ya kwanza kwa ya pili unapata kama 72, na wengi wanaanza kushtuka kwenye 30 kama aldosteroni yenyewe iko juu ya 15. Sharti hilo la pili ni muhimu kwa sababu renini ikiwa ndogo sana unaweza kugawanya namba ndogo kwa namba ndogo zaidi ukapata jibu kubwa lisilo na kitu, aldosteroni 5 gawanya kwa 0.1 ni 50, na huyo mtu huenda ana mwili uliojaa chumvi tu.

Niseme wazi kitu kimoja hapa, sio kila mwenye ugonjwa huu ana potasiamu ya chini. Wengi wao iko ndani ya kawaida, kwa hiyo ukisubiri mpaka miguu ilegee utawakosa wengi. Kwenye kliniki zilizopima kwa utaratibu wanaopatikana ni kati ya 5 na 10 kwa kila wenye presha 100, na kwa wale ambao dawa tatu zimeshindwa wanafika karibu 20. Mtu wa kufikiriwa ni mwenye presha isiyoshuka kwa dawa tatu, aliyeshuka potasiamu hata kama ni kwa sababu ya dawa ya kukojoza, aliyepata presha kubwa au kiharusi akiwa bado kijana, au mwenye ndugu wa damu aliyekutwa na ugonjwa huu.

Upande wa pili wa shilingi niuguse kwa haraka kwa sababu kwetu upo. Tezi zote mbili zikiharibika, na kifua kikuu kinaweza kuzila kabisa, aldosteroni inakosekana na kila kitu kinageuka: sodiamu inashuka, potasiamu inapanda, presha inashuka mtu akisimama anaona kizunguzungu, anatamani chumvi mpaka anailamba mkononi, anakonda, na fizi na mistari ya viganja inakuwa myeusi kuliko ngozi yake ya siku zote. Huyo renini yake ipo juu sana, figo inapiga kelele na hakuna wa kuitika. Huyu hatakiwi kuambiwa apunguze chumvi, anahitaji homoni haraka.

Baba Shukuru akafanyiwa siti skani, tezi ya kushoto ikaonekana na uvimbe wa sentimita moja na nusu. Mtu angesema basi ukatwe, lakini kwa umri wa miaka 40 kwenda juu uvimbe usio na kazi kwenye adrenali ni kitu cha kawaida, unaweza kukata wa kushoto kumbe aldosteroni inatoka kulia au kote kote. Njia ya uhakika ni kuingiza mpira mwembamba kupitia mshipa wa paja mpaka kwenye vena ya kila tezi na kuchukua damu kila upande, ni kazi ngumu hasa upande wa kulia ambapo vena ni fupi, na haifanyiki kila mahali. Wakati anasubiri rufaa akapewa spironolaktoni, ambayo inakaa pale aldosteroni inapotakiwa kukaa kwenye seli ya figo, alianza na 25 akaenda 50. Vidonge vya potasiamu vikasimamishwa hapo hapo, na hili ni la lazima, kwa sababu mtu akiendelea na vyote viwili, au akichanganya spironolaktoni na lisinopril bila kupimwa, potasiamu inaweza kuruka juu ya 6 ndani ya siku chache. Alipimwa baada ya wiki moja, baada ya mwezi, potasiamu 4.4, presha 138 kwa 88, dawa ya kukojoza haikurudi. Alilalamika kwamba chuchu zinauma na kifua kinavimba kidogo, hiyo ni kawaida kwa wanaume kwa sababu dawa inagusa na homoni za kiume pia, na bora alisema kuliko kuacha kimya kimya kama wengi wanavyofanya. Na chumvi alipunguza kweli, dagaa analoweka maji ya moto anamwaga kwanza, chumvi ya mezani ameondoa. Kwake kupunguza chumvi kunashusha presha na pia kunaokoa potasiamu, maana sodiamu isipofika kwenye ile milango hakuna cha kubadilishana.

Kama majibu ya vena yataonyesha ni upande mmoja tezi hiyo itatolewa, na hapo kuna jambo ambalo familia inatakiwa kuambiwa mapema. Tezi ya pili kwa miaka yote hiyo imekaa bila amri, renini ilikuwa imezimwa na nayo ikalala. Siku aldosteroni ya upande mgonjwa inapoondoka haiamki papo hapo, inaweza kuchukua wiki kadhaa, na katika hizo wiki potasiamu inaweza kupanda badala ya kushuka. Kwa hiyo spironolaktoni inasimamishwa siku ya upasuaji, potasiamu inapimwa kila wiki mwanzoni, na Baba Shukuru ambaye ameambiwa mwaka mzima aogope chumvi ataambiwa kwa wiki chache ale chumvi bila kujibana, ili sodiamu ifike kule mwisho wa mrija na potasiamu ipate njia ya kutokea.